Mtoto wa siku 6 na maziwa "yasiyotosha": kisa cha Lamu

Mama wa kisa hiki ana umri wa miaka 22, ni mwalimu wa chekechea mjini Lamu, na huyu ndiye mtoto wake wa kwanza. Alijifungua kwa njia ya kawaida mwezi wa Februari, joto la kaskazi likiwa limekaza. Mtoto wa kike, kilo 3.1, alilia mara moja, akawekwa kifuani na kuanza kunyonya ndani ya saa ya kwanza. Siku ya pili wakaruhusiwa. Kwa desturi ya kwetu, mzazi wa kwanza hurudi kwa mama yake kukaa arobaini, na ndivyo walivyofanya. Siku ya 6 waliingia kliniki mama, bibi na mtoto. Nilimvua mtoto nguo nikamweka kwenye mizani: kilo 2.78.

"Sista, maziwa ya mwanangu hayatoshi," alisema bibi kabla sijauliza neno. "Mtoto yuko kwenye titi mchana kutwa na hashibi. Tumekuja utwambie tununue maziwa gani ya kopo."

Kila mtoto mchanga hupungua uzito siku za kwanza. Maji ya ziada aliyozaliwa nayo hutoka, na dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya mwanzo, huja matone machache kwa wakati kwa sababu tumbo lake halihitaji zaidi. Lakini mtoto anayenyonya vizuri huanza kupanda kufikia siku ya 4 au ya 5, na kufikia wiki 2 amerudi kwenye uzito aliozaliwa nao. Huyu alikuwa amepoteza gramu 320, yaani zaidi kidogo ya asilimia 10, na siku ya 6 bado hakuonyesha dalili ya kupanda. Uzito ukishuka kiasi hicho, mtoto haachiwi kwenda nyumbani kwa maneno ya kutuliza tu. Lazima ijulikane kwa nini.

Naeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kauli ya kwamba maziwa hayatoshi huishia mara nyingi dukani, wakati mahali pa kuangalia kwanza ni mdomo wa mtoto na jinsi unavyokaa kwenye titi. Hapa titi lilikuwa na maziwa tele. Ni mtoto aliyekuwa hayafikii.

Siku kwa siku

Nilimwomba mama anisimulie mwenyewe, taratibu, tangu alipotoka hospitali. Bibi alinyamaza akamwachia, na hilo lilisaidia sana, maana mambo mengine mama alikuwa hajamwambia hata yeye.

Maumivu yalianza siku ya kwanza. Kila mtoto alipovuta, mama alikunja vidole vya miguu. Aliyemuuliza alimwambia ni kawaida ya mzazi wa kwanza, chuchu zitakomaa. Siku ya 3 chuchu ya kushoto ilichanika kwa mstari, ikatoa damu kidogo. Kuanzia hapo akawa anamtoa mtoto mapema, na zamu nyingine za usiku aliziruka kabisa, huku mama yake akimnywesha mtoto maji ya glukosi kwa kijiko. Joto lilikuwa kali, mtoto analia, midomo inaonekana kukauka. Bibi aliona ni kiu. Siku ya 4 matiti yote mawili yalijaa ghafla, yakawa magumu na moto, ngozi inang'aa. Mtoto akijaribu kushika, mdomo unateleza mpaka kwenye ncha ya chuchu. Tangu siku ya 5 alikuwa akiachwa kwenye titi karibu saa nzima, anavuta mara mbili tatu, anasinzia, akiondolewa analia.

Nikauliza kuhusu nepi. Walitumia vitambaa, kwa hiyo bibi aliyekuwa akivifua alijua hesabu bila kusita: vilivyolowa mkojo ni 3 kwa siku, na mkojo wenyewe wa rangi iliyokoza. Choo kilikuwa bado kijani kilichoiva, kidogo. Kufikia siku ya 5 tunatarajia nepi 6 au zaidi za mkojo mweupe, na choo laini cha manjano mara kadhaa kwa siku. Hesabu hiyo ya nepi ina thamani kuliko muda anaokaa kwenye titi. Mtoto anaweza kukaa saa nzima mdomo ukiwa juu ya chuchu na asipate chochote cha maana, lakini asichokunywa hawezi kukikojoa.

Nilichokiona aliponyonyesha

Kabla ya kumgusa nilimwambia, "Mamangu, mnyonyeshe kama unavyofanya nyumbani, mimi nitatazama tu." Mhudumu akianza kusahihisha mapema, hapati kuona kosa lilipo.

Alikaa ukingoni mwa kitanda cha uchunguzi, miguu ikining'inia. Alisema nyumbani hukaa hivyo hivyo, juu ya kitanda kirefu cha kizamani. Alikuwa amefungwa mkaja mnene uliopanda mpaka chini ya matiti. Mtoto alilazwa mapajani chali, akitazama dari, na ili afikie titi ilibidi ageuze shingo upande. Mama naye aliinama mpaka mgongo ukapinda, akabana titi katikati ya vidole viwili kwa namna ya mkasi, vidole vikiwa juu kabisa ya ule weusi unaozunguka chuchu, akaipeleka chuchu ndani ya mdomo wa mtoto. Mtoto alifungua mdomo kidogo tu na kuifunga chuchu midomoni. Mama akavuta pumzi kwa uchungu.

Ukitazama mtoto aliyeshika titi vizuri, unaona mambo manne kwa pamoja. Mdomo umefunguka wazi. Mdomo wa chini umepinduka kwenda nje. Kidevu kinagusa titi. Na ule weusi unaonekana zaidi juu ya mdomo wa mtoto kuliko chini yake, kwa sababu taya la chini limechukua sehemu kubwa zaidi ya titi. Huyu hakuwa na hata moja. Midomo ilikuwa imekunjwa ndani, kidevu kiko mbali na titi, weusi wote uko nje. Mashavu yalibonyea kila alipovuta, na nilisikia sauti ya kutoa ulimi, "ta, ta", badala ya ile ya kumeza. Alivuta haraka haraka bila kupumzika. Mtoto anayepata maziwa huanza kwa mivuto ya haraka ili maziwa yashuke, kisha hubadilika kuwa mivuto mirefu ya polepole yenye kituo kidogo, na unaona koo likimeza.

Alipoachia, niliitazama chuchu. Ilitoka imebanwa bapa, ncha imelala upande mmoja, na mstari mweupe ukipita juu yake. Umbo hilo peke yake linatosha kukwambia ilikuwa wapi. Mtoto akishika titi kwa kina, chuchu hufika nyuma, penye kaakaa laini, ambako hakuna kitu cha kuisugua. Akishika ncha tu, chuchu hubanwa kati ya ulimi na kaakaa gumu la mbele kila anapovuta, mamia ya mara kwa siku. Ngozi hupasuka kwa sababu hiyo. Sabuni na usugu wa chuchu havina dawa hapo, na hakuna chuchu inayokomaa kwa kubanwa.

Kubana huko ndiko kunakofanya maziwa yasitoke. Mirija inayoleta maziwa inapita chini ya ule weusi kabla ya kufika kwenye ncha. Ulimi na taya zisipofika huko, mtoto anavuta mlango uliofungwa. Kisha mambo hufuatana. Mama anaogopa maumivu na kufupisha zamu. Maumivu na wasiwasi huizuia oksitosini, homoni inayosukuma maziwa kushuka. Titi lisilotolewa maziwa linajaa. Likijaa, weusi unakuwa mgumu na bapa, na mtoto anashindwa zaidi kuushika. Maziwa yakikaa ndani ya titi, mwili unayachukua kama ishara ya kupunguza kutengeneza. Ikiendelea hivyo wiki moja au mbili, kauli ya bibi ingekuwa kweli: maziwa yangepungua hasa, na chanzo kingekuwa kimeshasahaulika.

Kumkagua mtoto na mama

Kabla ya kusema ni suala la kushika titi tu, lazima uondoe mengine. Ofisa wa kliniki alimwangalia mtoto pamoja nami. Joto la mwili lilikuwa 36.9. Aliamka alipofunuliwa, alilia kwa nguvu, alinyoosha viungo. Kulikuwa na manjano kidogo usoni, viganja na nyayo hazikuwa na manjano. Mdomoni hakukuwa na utando mweupe wala mwanya kwenye kaakaa. Alipolia, ulimi ulipita juu ya ufizi wa chini bila kuzuiwa na uzi ulio chini yake. Kidole safi kilipowekwa kinywani, alikivuta kwa nguvu. Mtoto huyu alijua kunyonya.

Mama hakuwa na homa. Matiti yalikuwa magumu pande zote mbili, lakini hapakuwa na sehemu moja nyekundu yenye uvimbe na maumivu makali, ambayo ingetufanya tufikirie maambukizi ya titi. Nilipomkamua kwa mkono, maziwa yaliruka. Bibi aliyaona akasema, "Kumbe yamo." Sikuhitaji kumhubiria zaidi kuhusu wingi.

Kama mtoto angekuwa mzito wa kuamka, amekataa kabisa kunyonya, ana joto la 37.5 au zaidi au mwili wa baridi usiopata joto, anapumua kwa kasi, au manjano yamefika viganjani na kwenye nyayo, asingerudi nyumbani siku ile. Mtoto mchanga aliyepungua na mwenye dalili moja kati ya hizo ni wa kulazwa, na somo la kunyonyesha hufuata baadaye.

Marekebisho

Tulianza na ugumu wa titi, kwa sababu hakuna mtoto anayeweza kulishika vizuri titi lililojaa hivyo. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kisha mama alikamua kidogo kwa mkono: kidole gumba juu, vidole vingine chini, nyuma kidogo ya ukingo wa weusi, unasukuma kwanza kuelekea kifuani, halafu unabana na kuachia, bila kuteleza juu ya ngozi. Baada ya hapo alizungusha ncha za vidole kwenye shina la chuchu akabonyeza taratibu kuelekea kifuani kwa muda wa dakika moja hivi, mpaka weusi ukalainika. Hatukukusudia kulimaliza titi, tulitaka tu mdomo upate pa kushika.

Kisha mkao. Nilimtoa ukingoni mwa kitanda akakaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu juu ya kigoda, mto chini ya mkono. Mkaja tuliushusha. Sikumwambia auvue, ni jambo analofanyiwa na mama yake kwa mapenzi, na ukifungwa chini tumboni bila kubana sana hauzuii kunyonyesha. Uliopanda mpaka kifuani ndio uliomsukuma mtoto mbali.

Mtoto tulimgeuza mwili mzima, tumbo lake likitazamana na tumbo la mama, sikio, bega na nyonga vikiwa kwenye mstari mmoja. Mama alimshika mabegani na kwenye shina la shingo, kichwa kikiwa huru kulalia nyuma kidogo. Wengi husukuma kisogo cha mtoto kuelekea titi, na mtoto anayesukumwa kisogo hujibu kwa kujirudisha nyuma. Watu wa nyumbani huona analikataa titi. Pua ya mtoto ilikaa mkabala na chuchu, si mdomo. Titi lilishikwa kwa vidole vilivyolala bapa chini, gumba juu, mbali na weusi.

Hapo ikabaki sehemu ngumu kuliko zote, nayo ni kungoja. Chuchu inagusa mdomo wa juu wa mtoto, na mama anasubiri mpaka mdomo ufunguke mkubwa, kama anapiga miayo. Ukifunguka, analetwa haraka kwenye titi, kidevu kikitangulia, mdomo wa chini ukitua mbali chini ya chuchu. Mtoto ndiye anayeletwa kwenye titi. Mama akipeleka titi kwa mtoto, atainama, na akichoka mgongo ataliachia na mtoto atabaki na ncha.

Mara ya kwanza haikufaulu. Mama alisikia kubanwa kule kule. Nilimwonyesha jinsi ya kumtoa: kidole kidogo kilicho safi kinaingizwa pembeni mwa mdomo mpaka mshiko uachie, kisha ndipo unamwondoa. Kumvuta bila kufanya hivyo ni kuongeza kidonda. Mara ya tatu mdomo ulifunguka vizuri. Mama alikunja uso kwa mivuto michache, halafu uso ukalegea. Baada ya kama dakika moja mivuto ikawa mirefu, na koo likaanza kumeza kwa sauti ndogo tuliyoisikia sote. Maumivu ya sekunde za mwanzo kwenye chuchu iliyokwisha chanika ni ya kutarajiwa. Maumivu yanayodumu muda wote wa kunyonya maana yake ni kwamba mtoto atolewe na kuwekwa upya.

Alinyonya mpaka akaachia mwenyewe, titi likiwa laini, na chuchu ilitoka mviringo. Tukampa la pili akanyonya kidogo. Ni vizuri titi la kwanza liishe kabla ya kubadilisha, kwa sababu mafuta ya maziwa huongezeka kadiri titi linavyopungua, na ndiyo yanayomshibisha.

Maji, joto na tende

Bibi alikuwa na swali moja kubwa nalo ni la haki. Kaskazi hii, watu wazima wanakunywa maji kila saa, mtoto huyu atakaaje bila hata tone?

Nilimwambia, "Mama, maziwa ya huyu binti yako karibu asilimia 88 ni maji." Tafiti zilizofanywa kwenye nchi za joto kali zimeonyesha kuwa mtoto anayenyonya bila kuzuiwa hapungukiwi maji hata jua likiwa kali, joto likizidi, atataka titi mara nyingi zaidi kwa muda mfupi mfupi, na hiyo ndiyo namna yake ya kunywa. Midomo iliyokauka ya mtoto huyu ilitokana na kukosa maziwa. Maji ya glukosi yalimjaza tumbo, yakamlaza, na zamu moja ya kunyonya ikapotea kila yalipotolewa. Mwili wa mama ukapata ujumbe kwamba hakuna anayehitaji.

Tena maji yenyewe ni ya wapi? Kisima na birika za mji wetu tunazijua. Sehemu nyingi maji ni ya chumvi, na visima vya katikati ya mitaa viko karibu na vyoo. Utumbo wa mtoto wa siku 6 bado haujajijenga dhidi ya vijidudu vya kuharisha. Dang'a na maziwa yanayofuata huupaka kinga za mama, na kila kitu kingine kinachopita kinywani huongeza hatari badala ya kuongeza lishe. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, bila maji, bila uji, bila dawa za tumbo za madukani. Dawa alizoandikiwa na mhudumu wa afya hazihesabiwi hapo. Baada ya miezi 6 huanza vyakula vingine, na kunyonya kunaendelea mpaka miaka 2 au zaidi. Bibi alinikumbusha mwenyewe kwamba Suratul Baqara, aya ya 233, inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha.

Akauliza kwa sauti ya chini kuhusu tende. Siku ya kwanza babu alimfanyia mtoto tahniki, akampaka kaakaani tende iliyolainishwa. Je, ndiyo iliyoharibu? Hapana. Kupaka kidogo mara moja hakukusababisha lolote kati ya tuliyoyaona. Ninachowaomba wazee ni mikono iliyooshwa kwa sabuni, asifanye mwenye kikohozi au kidonda mdomoni, isirudiwe kama chakula, na isiwe asali. Asali haifai kabla ya mtoto kutimiza mwaka, kwa sababu inaweza kubeba bakteria wanaotoa sumu ya kupooza ndani ya utumbo wa mtoto mchanga.

Na kuhusu kopo, niliwaeleza wazi. Yapo mazingira ambayo mtoto huhitaji maziwa mengine kwa sababu ya kitabibu, na hapo mhudumu husema bila kusita. Huyu hakuwa mmoja wao, kwa sababu maziwa ya mama yake yalikuwepo. Kazi ilikuwa kuyafikisha kwake.

Siku zilizofuata

Mtoto aliyepungua asilimia 10 hana nguvu za kutosha kujipandisha kwa kunyonya peke yake siku hiyo hiyo, hata akishika vizuri. Kwa hiyo tulipanga hivi: anyonye kila anapotaka na isipite saa 3 bila kunyonya, mchana na usiku, mara 8 mpaka 12 kwa siku. Asipoamka, aamshwe kwa kuvuliwa nguo na kusuguliwa mgongo. Usiku usirukwe, kwa sababu prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, hupanda zaidi wakati huo. Baada ya kila zamu mama akamue, na yaliyopatikana, mililita 20 mpaka 30, mtoto anyweshwe hapo hapo.

Chupa hatukuitaka, mtoto anayejifunza kufungua mdomo mkubwa hapaswi kupewa kitu kinachonyonywa kwa mdomo mdogo. Tulitumia kikombe kidogo cha kahawa kisicho na mkono, ambacho hakikosekani nyumba ya Lamu, kikachemshwa kwanza. Mtoto hupakatwa akiwa wima, ukingo wa kikombe hukaa juu ya mdomo wa chini, maziwa yanafika ukingoni, naye huyaramba kwa ulimi. Hayamiminwi kinywani, yatampalia. Kazi hii alipewa bibi, na aliifanya kwa ustadi kuliko wengi ninaowafundisha.

Kwa vidonda, mama alipaka matone ya maziwa yake mwenyewe baada ya kunyonyesha na kuyaacha yakauke kwa hewa. Hakutumia sabuni wala mafuta ya kupaka. Alianza na titi la kulia, lenye maumivu machache, kisha la kushoto. Kitambaa cha maji baridi baada ya kunyonyesha kilipunguza uvimbe.

Siku iliyofuata nilimwangalia tena akinyonyesha. Alikuwa bado anaharakisha kabla mdomo haujafunguka, tukarudia. Siku ya 8 mizani ilisoma kilo 2.84 na nepi za mkojo zilikuwa 6, choo kimegeuka manjano. Gramu 30 kwa siku ni mwendo mzuri kwa umri huo. Siku ya 12 alikuwa na kilo 2.98, tukaacha maziwa ya kikombe. Siku ya 15 alifika kilo 3.1. Alichelewa kidogo, lakini mstari ulikuwa unapanda bila kusimama, na mstari ndio tunaoutazama zaidi ya namba moja. Mpasuko wa kushoto ulifunga karibu na siku ya 10.

Kama hali isingebadilika

Si kila maumivu huisha kwa kumweka mtoto vizuri. Kama siku ya 8 dalili zote nne zingekuwa sahihi na chuchu bado inatoka bapa, ningerudi chini ya ulimi. Uzi mfupi unaouzuia ulimi kupita ufizi wa chini humfanya mtoto abane hata akiletwa kwa ustadi wote, na huyo apelekwe kwa daktari anayeweza kuukagua na kuukata inapobidi. Lakini mshiko usahihishwe kwanza, maana wengi wenye uzi unaoonekana mfupi hunyonya bila shida.

Kama maumivu yangepungua kisha yarudi baada ya wiki kadhaa, yakichoma na kuingia ndani ya titi hata baada ya mtoto kuachia, huku chuchu ikiwa nyekundu inayong'aa, ningetafuta fangasi. Utando mweupe mdomoni mwa mtoto usiofutika huthibitisha, na hutibiwa mama na mtoto kwa pamoja. Ukimtibu mmoja, wanaambukizana tena. Na kama mama angepata homa na sehemu moja ya titi nyekundu, ngumu na yenye kuuma, hiyo ni dharura ndogo. Huendelea kunyonyesha titi lile lile, kwa sababu kuliacha limejaa huharakisha jipu, na asipopata nafuu ndani ya saa 24 anahitaji dawa za maambukizi.

Chuchu bapa nazo hulaumiwa sana. Mtoto hanyonyi chuchu, hunyonya titi, na mama wengi wenye chuchu bapa hunyonyesha bila tatizo wakisaidiwa siku za kwanza.

Wiki ya 6

Walikuja kwa chanjo, mtoto akiwa na kilo 4.05. Mama ananyonyesha akiwa amelala ubavu usiku, mtoto mkabala naye, hana maumivu. Aliniuliza mambo mawili. La kwanza ni kama kunyonyesha huku kunamkinga na mimba. Kunamkinga, kwa uhakika wa takriban asilimia 98, ikiwa mambo matatu yametimia pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Moja likikosekana, njia nyingine ianze siku hiyo hiyo. Alichagua kuitegemea kwa sasa na kuchukua sindano atakaporudi kazini, kwa sababu hana hakika ya kutokuwa mbali na mtoto kwa saa nyingi.

La pili lilikuwa kazi yenyewe. Likizo yake ya uzazi ni miezi 3. Tumekubaliana wiki 2 kabla ya kurudi aanze kukamua mara moja kila asubuhi, wakati ambao matiti hujaa zaidi, ili mkono uzoee na bibi apate cha kumnywesha mtoto kwa kikombe. Chekechea iko umbali wa dakika chache kwa miguu, kwa hiyo saa 4 ya mapumziko bibi atampeleka mtoto pale anyonye, na mwalimu mkuu ameshatoa chumba chenye mlango unaofungwa.